Tangazo linalotaja sabuni ya mshindani kwa jina: naomba mnikagulie kabla halijatoka

Unga_na_Povu

Wakuu habari zenu. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza sabuni ya unga ya kufulia. Sokoni tunagongana na chapa moja inayojulikana na kila mtu. Hapa nitaiita Kubwa, maana sina ugomvi nao na sitaki uzi huu ugeuke wa kuwasema.

Mbunifu wetu ameleta tangazo la mitandaoni na la mabango ya dukani. Juu kuna picha mbili. Paketi ya Kubwa imefifishwa rangi na nembo yake imechorwa ufa katikati, na yetu inang'aa pembeni yake. Chini kuna maneno haya: "Nafuu kwa 20% kuliko Kubwa. Majaribio yamethibitisha: hutakatisha mara 2 zaidi." Mwisho kabisa kwa maandishi madogo: "Kubwa ni alama ya biashara ya mmiliki wake."

Hiyo 20% ni kweli. Bei yetu ya paketi ya kilo 1 ukiihesabu kuwa 100, ya kwao ni 125. Majaribio tuliyafanya wenyewe kwa mashati meupe yenye madoa ya chai na mafuta.

Swali langu: tangazo hili linamtendea haki mshindani na mnunuzi, au kuna mahali pa kurekebisha? Nipeni ukweli, sijachapisha bado.

Jembe_la_Soko

Mkuu, ondoa jina haraka. Ni marufuku kumtaja mshindani kwenye tangazo, popote duniani. Jina lake limesajiliwa, ni mali yake, ukilitumia umemwibia. Ndiyo maana wengine wanaandika "Chapa X" au "sabuni ya kawaida". Fanya hivyo na utalala usingizi.

Mlinzi_wa_Chapa

Hawa watu wa bidhaa bandia wametuchosha. Ukiona paketi ya Kubwa yenye nembo iliyopinda au rangi iliyofifia, usinunue. Piga picha namba ya toleo, peleka kwa mwenye chapa, watakuja kukamata mzigo. Nembo yenye ufa ni dalili kubwa.

Unga_na_Povu

@Mlinzi_wa_Chapa ndugu, hakuna bidhaa bandia hapa. Ufa ni mchoro wa mbunifu wetu, kwenye tangazo letu.

Mlinzi_wa_Chapa

Aa, sawa. Lakini basi ni vibaya zaidi, mnaichafua nembo ya mtu wenyewe kwa mikono yenu.

Kaguzi

Nimefanya kazi ya kukagua matangazo kabla hayajaruka hewani kwa muda mrefu, na aina hii ndiyo iliyokuwa ikinichukulia saa nyingi kuliko nyingine. Nianze na hili la jina, maana @Jembe_la_Soko amegusa kitu cha kweli ila amekivuta mbali mno.

Kumtaja mshindani si marufuku popote duniani. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa msimamo mwaka 1979 kwamba kulinganisha kwa kutaja majina kunamsaidia mnunuzi, mradi kusimpotoshe. Ulaya walilifungulia mlango kwa agizo la mwaka 1997, na sasa linalotumika ni agizo la 2006/114, lenye masharti yake. Ziko nchi zinazobana zaidi, kwa hiyo sheria ya kwenu lazima uiangalie. Ila alama ya biashara inasajiliwa ili mtu asiuze mali yake kwa jina lako. Haikusajiliwa ili wengine wasikutaje.

Na hilo la "Chapa X" halina kinga kama unavyodhani, Jembe. Ukificha jina lakini ukaacha paketi ya rangi ileile na umbo lilelile, kila mtu anajua unamsema nani. Mahakama ya Haki ya Ulaya imeshaeleza, mwaka 2007 katika kesi iliyohusu bia na mvinyo wa Champagne, kwamba mshindani anaweza kutambulika hata bila kutajwa. "Sabuni ya kawaida" nayo ina mzigo wake. Sasa hujilinganishi na mmoja, unajilinganisha na soko zima, na ushahidi wako itabidi utoshe soko zima. Jina moja lililopimwa vizuri ni mzigo mwepesi kuliko hilo.

Sasa Unga_na_Povu, kabla sijasema lolote kuhusu 20%, niambie kitu kimoja: maelekezo ya paketi yenu yanasema mtu atumie gramu ngapi kwa kufua mara moja, na ya Kubwa yanasema ngapi?

Unga_na_Povu

Ya kwetu gramu 80. Ya Kubwa gramu 50. Kwa mzigo uleule wa nguo.

Kaguzi

Nilihofia hivyo. Piga hesabu nami.

Kilo 1 ya Kubwa kwa gramu 50 inafua mara 20. Bei yake 125, gawa kwa 20, kila kufua ni 6.25. Kilo 1 ya kwenu kwa gramu 80 inafua mara 12 na nusu. Bei 100, gawa kwa 12.5, kila kufua ni 8.

Maana yake mnunuzi anayefuata maelekezo yenu analipa zaidi kwa 28% kila anapofua, huku bango likimwambia ameokoa 20%. Namba ya 20% haina kosa la hesabu, na ndiyo hatari yake. Mtu hanunui sabuni ili awe na kilo ya unga kabatini, ananunua ili afue. Kulinganisha kwa kilo vitu ambavyo kilo yake haifanyi kazi sawa ni kumpotosha, hata kama kila tarakimu ni ya kweli.

Mahakama ileile ya Ulaya iliwahi kulizungumzia mwaka 2010, katika kesi ya Lidl dhidi ya duka kubwa la Vierzon lililokuwa limetangaza risiti mbili za vikapu. Walichosema ni kwamba ulinganisho wa bei unaweza kupotosha kama bidhaa zilizochaguliwa zinatofautiana kwa namna inayoweza kubadili uamuzi wa mnunuzi na tangazo halionyeshi tofauti hizo. Tofauti yenu ya gramu 30 ni ya aina hiyo kabisa.

Sauti_Kavu

Kaka Kaguzi, nakuheshimu lakini umekuwa mkali. Kilo ni kilo. Mnunuzi ana macho, maelekezo yako nyuma ya paketi. Kila mtu analinganisha bei ya paketi na paketi. Na mahakama si zote zinabana hivyo: British Airways waliwashitaki Ryanair kwa kuwaita ghali kwenye matangazo yenye lugha ya kuudhi, na mwaka 2000 jaji wa Uingereza akaitupa kesi. Viwanja vya ndege walivyolinganisha havikuwa hata vilevile.

Kaguzi

Kesi hiyo umeikumbuka vizuri, na inafaa hapa, ila isome mpaka mwisho. Jaji aliona kwamba kwa ujumla ujumbe ulikuwa wa kweli: BA walikuwa ghali kweli kwa safari zilizotajwa. Hata mahali ambapo hesabu ya Ryanair haikuwa sawasawa, kuirekebisha kusingegeuza jibu. Lugha ya kuudhi peke yake haikutosha kuwatia hatiani.

Hapa kwetu kuirekebisha hesabu kunageuza jibu. Aliyekuwa nafuu anakuwa ghali. Mimi nikikagua tangazo la bei huwa najiuliza hivi: nikiweka kipimo ambacho mnunuzi anakitumia kweli, mshindi anabaki yuleyule? Akibaki, naweza kuvumilia ulegevu mdogo. Akibadilika, tangazo halipiti.

Unga_na_Povu

Duh. Hili hatukuliona kabisa. Lakini naomba niongeze: gramu 80 tuliiandika kwa tahadhari tu. Wateja wetu wengi wanatumia pungufu na hawalalamiki. Nikiandika 60, hesabu inakuwaje?

Maabara_Tu

Habari wadau. Mimi niko upande wa vipimo, nguo na sabuni ndiyo kazi yangu.

Kwa gramu 60 kilo inafua mara 16 na theluthi mbili, na kila kufua ni 6.00. Mko chini ya Kubwa kwa 4%. Lakini huwezi kuibadilisha 80 kuwa 60 kwa sababu tangazo linaitaka. Lazima uonyeshe kwamba kwa gramu 60 sabuni yenu inatakatisha angalau sawa na gramu 50 za Kubwa. Ikionekana, badilisha kwanza maelekezo ya paketi, halafu ndiyo utangaze. Ukitangaza kwa 60 huku paketi inasema 80, paketi yako ndiyo itakayokuwa shahidi dhidi yako.

Sasa nieleze jaribio lenu lilikwendaje. Nataka kujua nani alitia sabuni, maji ya aina gani, moto kiasi gani, na nani aliamua shati lipi limetakata.

Unga_na_Povu

Tulichukua mashati 6, matatu kwa kila sabuni. Chai na mafuta ya kupikia. Tukaloweka kwenye maji ya moto sana, karibu kuchemka, kisha kufua kwa mkono. Tulitia kijiko kimoja kila upande. Tukaangalia sisi watatu, na sote tuliona ya kwetu yametakata zaidi. Hiyo "mara 2" ni makadirio yetu kwa macho.

Maabara_Tu

Ahsante kwa kusema wazi. Nitayachambua machache tu, yale yanayoharibu matokeo kuliko mengine.

Kwanza maji yanayokaribia kuchemka. Angalia viambato vya Kubwa kwenye paketi. Sabuni nyingi za unga za chapa kubwa zina vimeng'enya, na hivyo hufanya kazi vizuri kwenye maji ya vuguvugu, tuseme nyuzi 30 hadi 60. Ukivitia kwenye maji yanayochemka vinaharibika kabla havijagusa doa. Kama sabuni yenu haina vimeng'enya na yao inavyo, mmemnyang'anya mwenzenu silaha yake kabla ya pambano. Fuateni joto lililoandikwa kwenye paketi zote mbili, au pimeni kwa joto ambalo watu hufulia kila siku, na mliseme kwenye tangazo.

Pili kijiko kimoja kila upande. Hapo mmetumia kipimo ambacho hakuna paketi iliyokielekeza, na unga mmoja unaweza kuwa mzito kuliko mwingine kwa ujazo uleule. Pimeni kwa mizani, kila sabuni kwa gramu zake.

Tatu, nyinyi watatu kuwa waamuzi. Mnajua shati lipi ni la kwenu, na macho yatawapendelea hata mkiwa waaminifu kiasi gani. Mtu mmoja aweke alama za siri nyuma ya vitambaa, na wanaokadiria wasijue. Vizuri zaidi ni kifaa kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitambaa. Kinatoa namba, na mtu mwingine akirudia anaweza kuipata tena.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau: fua kundi la tatu kwa maji matupu bila sabuni yoyote. Doa likitoka kwa maji tu, doa hilo halikufundishi chochote kuhusu sabuni. Nimeona "ushindi" mwingi ukiyeyuka hapo.

Paketi za Kubwa mzinunue wenyewe dukani, katika maduka tofauti na matoleo tofauti, na mtunze risiti na namba za matoleo. Paketi moja iliyokaa kwenye unyevu inaweza kumwangusha mshindani bila kosa lake. Na mashati matatu ni machache mno. Rudieni siku tofauti mpaka muone tofauti kati ya sabuni na sabuni inazidi tofauti kati ya shati na shati la sabuni ileile. Isipozidi, hamna cha kutangaza.

Sauti_Kavu

Haya yote kwa ajili ya bango moja? Andika "inatakatisha vizuri zaidi" na basi. Hayo ni majigambo ya kawaida, hakuna anayeshitakiwa kwa majigambo.

Kaguzi

Majigambo yana nafasi yake, nakubali. Lakini kaka, hayabaki majigambo ukiyaweka karibu na jina la mtu. Pizza Hut na Papa John's walifikishana kwenye jambo hilihili. Papa John's walikuwa na kaulimbiu inayosema viungo bora, piza bora. Mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2000 ilisema kaulimbiu hiyo ikisimama peke yake ni maoni tu, hakuna anayeichukua kama kipimo. Ilipobandikwa pamoja na matangazo yanayolinganisha mchuzi na unga wao na ule wa Pizza Hut, ikageuka dai la ukweli, tena la kupotosha. Papa John's walishinda mwishoni, lakini kwa sababu Pizza Hut hawakuonyesha kwamba wanunuzi walibadili uamuzi kwa ajili ya maneno yale.

Na tangazo la mwenzetu limejifunga zaidi ya hapo kwa maneno mawili: "majaribio yamethibitisha". Ukisema kitu ni kizuri, anayepinga ana kazi ya kuonyesha ni uongo. Ukisema majaribio yamethibitisha, kwa mahakama za Marekani kama kwenye kesi za mafuta ya injini ya Castrol mwanzoni mwa miaka ya 1990, anayepinga anatosheka kuonyesha kwamba majaribio uliyoyataja hayathibitishi ulichosema. Hana haja ya kufanya jaribio lake. Kwa mashati 6 na kijiko, wakili wa Kubwa atamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana.

Halafu "mara 2". Mara mbili ya nini? Weupe? Idadi ya madoa yaliyotoka? Kasi? Kama hamna kipimo chenye sifuri na ngazi, "mara 2" haina maana hata kama ya kwenu ni bora kweli.

Binti_Manukato

Samahani naingilia, lakini hili linanigusa. Mimi nachanganya manukato ya mafuta na kuyauza mtandaoni. Kwenye maelezo naandika "harufu kama ya" kisha jina la manukato maarufu, maana bila hivyo mteja hajui ananunua harufu gani. Sitaji kwamba ni yenyewe, chupa zangu ni tofauti kabisa, sidanganyi mtu. Sioni kosa langu liko wapi. Mama yangu alifanya hivyo miaka yote.

Jembe_la_Soko

Hapo dada hata mimi naona uko salama, maana umesema wazi si yenyewe.

Kaguzi

Dada Binti, swali lako ni gumu kuliko la mwenye uzi, na jibu linategemea uko wapi.

Marekani kulikuwa na muuza manukato aliyetangaza kwamba yake ni sawa na Chanel namba 5 kwa bei ndogo. Mwaka 1968 mahakama ya rufaa ilisema anaweza kutumia jina la Chanel kueleza alichoiga, mradi asidanganye na asiwachanganye watu kuhusu aliyetengeneza. Lakini sharti la kutodanganya lilikuwa na meno. Kesi iliporudi chini, dai lake la kufanana kabisa lilikutwa si la kweli, akashindwa.

Ulaya ni kinyume. Mwaka 2009 kwenye kesi ya L'Oréal na Bellure, wauzaji walikuwa na orodha zinazoonyesha manukato yao yanafanana na yapi maarufu. Hakuna mnunuzi aliyechanganyikiwa, kama unavyosema wewe. Hata hivyo mahakama ilisema kuonyesha bidhaa yako kuwa ni mwigo wa bidhaa yenye alama inayolindwa si ulinganisho halali, na faida inayopatikana kwa njia hiyo ni ya kumpandia mwenye jina mgongoni. Jaji wa Uingereza aliyelazimika kulifuata jibu hilo hakulifurahia, na alisema hivyo waziwazi kwenye hukumu yake.

Kwa hiyo uaminifu wako pekee haukutoshi kila mahali. Njia yenye hatari ndogo ni kueleza harufu yenyewe: waridi, udi, machungwa, mdalasini, inadumu saa ngapi mwilini. Najua inauza taratibu kuliko jina.

Binti_Manukato

Inauza taratibu sana. Na bado sijashawishika kwamba ninamwibia mtu. Mteja wangu hana uwezo wa kununua ile ya asili hata nisipotaja jina. Ila nimeelewa hatari iko wapi, ahsante kaka.

Unga_na_Povu

Turudi kwenye picha. Nembo ya Kubwa nitoe kabisa? Mbunifu anasema bila picha ya paketi yao watu hawatasimama kulitazama.

Kaguzi

Ufa utoe leo. Kuharibu nembo ya mtu si kumlinganisha. John Deere waliwahi kumshitaki mtengenezaji mwingine wa matrekta madogo, MTD, aliyeonyesha kwenye televisheni yule paa wa nembo yao akikimbia kwa woga na kudhoofika. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilikubali tangazo hilo lizuiwe. Hawakuzuia jina kutajwa. Walichozuia ni kuigeuza nembo ya mwenye mali ili ionekane dhaifu, kwa ajili ya kuuza bidhaa ya mshindani.

Mimi ningependekeza jina liandikwe kwa herufi za kawaida, za aina ileile mnayotumia kwa maneno mengine, si kwa mchoro wala rangi zao. Lisiwe kubwa kuliko jina lenu, mtu asije kudhani ni tangazo lao au la pamoja. Yale maandishi madogo kwamba alama ni ya mmiliki wake yabaki, hayadhuru, lakini hayasafishi kitu kilichokosewa juu yake.

Maabara_Tu

Hapa natofautiana kidogo na Kaguzi. Picha ya paketi halisi, isiyofifishwa, ya ukubwa sawa na yenu, mimi naiona ni haki zaidi kwa mnunuzi. Kubwa wana sabuni aina tatu zenye jina moja. Jina likiandikwa peke yake mtu hajui mmelinganisha na ipi. Picha inamwonyesha.

Kaguzi

Hoja ya msingi hiyo. Jibu langu lingekuwa kuandika aina kamili na uzito wa paketi kwa maneno. Lakini sikatai kwamba picha safi inaweza kutetewa. Mahakama ya Ulaya mwaka 2003, kesi ya wauza miwani Pippig na Hartlauer, ilikubali hata nembo na picha ya duka la mshindani kwenye ulinganisho, kama masharti mengine yametimia. Mimi huepuka tu kwa sababu picha ndiyo inayovuta barua ya wakili haraka.

Unga_na_Povu

Wakuu, nimerudi. Tumerudia jaribio kwa msaada wa maabara ya chuo. Nyuzi 40, kwa mashine, mizani, alama za siri, na kundi la maji matupu. Chai na mafuta kwa gramu 60 zetu dhidi ya 50 zao: hakuna tofauti inayoonekana. Kwa mayai na damu Kubwa wametushinda wazi. Kwa hiyo "mara 2" imekufa.

Kilichojitokeza ni kusuuza. Kwenye beseni ya kwetu ina povu kidogo, maji mawili yanatosha. Ya Kubwa inataka matatu. Nimeandika hivi: "Kubwa ya unga, kilo 1: suuza mara 3. Yetu: suuza mara 2. Na kila kufua ni nafuu kwa 4%, kwa kipimo cha kila paketi." Maelekezo ya paketi yetu yanabadilishwa kuwa 60.

Maabara_Tu

Hongera kwa kuikubali ile ya damu na mayai. Lakini msiandike "hutakatisha sawa na Kubwa". Sawa ni kwa chai na mafuta tu.

Kuhusu kusuuza, mlijuaje maji yametosha? Kama ni povu kuisha, hiyo haitoshi. Povu linaweza kuisha na sabuni ikabaki kwenye kitambaa, hasa sabuni iliyotengenezwa isitoe povu. Pimeni maji ya mwisho ya kusuuza kwa kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme na mlinganishe na maji safi ya bomba. Kiwango cha kuita "yametosha" mkubaliane kabla ya kupima, kiwe kimoja kwa sabuni zote mbili.

Unga_na_Povu

Ilikuwa povu kwa macho. Nitarudia na kifaa.

Kaguzi

Na kwenye tangazo weka tarehe ya bei, na mahali mtu anapoweza kuona jinsi mlivyopima na mlivyohesabu. Kesi ya Lidl na Colruyt ya mwaka 2006 ilisema anayelinganisha bila kuorodhesha kila kitu kwenye tangazo lazima amwonyeshe msomaji mahali pa kuhakiki. Ukurasa mmoja unatosha.

Ila 4% inanitia wasiwasi. Ni nyembamba. Kubwa wakipunguza bei kidogo tu, au kipimo chao, bango lenu linakuwa la uongo huku limebandikwa ukutani, na ni juu yenu kulibandua.

Jembe_la_Soko

Nimetoka dukani sasa hivi, nimeangalia paketi mpya za Kubwa kwa ajili ya uzi huu. Zimeandikwa "fomula mpya" na kipimo ni gramu 45. Bei ileile.

Maabara_Tu

Gramu 45 ni kufua mara 22 na kidogo. 125 gawa kwa hapo ni 5.63 hivi. Nyinyi mko 6.00. Sasa wao ndio nafuu. Na kwa kuwa fomula ni mpya, jaribio la chai na mafuta nalo ni la sabuni ambayo haitauzwa tena.

Unga_na_Povu

Sentensi ya bei naiondoa. Nanunua paketi za fomula mpya kesho, kusuuza tunapima upya kwa kifaa, na matokeo nitayaweka hapa. @Kaguzi, paketi za zamani zikiwa bado zimejaa madukani, ulinganisho ni na ipi?

Kaguzi

Ni na ile ambayo mnunuzi anaikuta akisimama mbele ya bango. Kama zote mbili ziko rafuni, pima zote mbili, na tangaza matokeo yale tu yanayosimama dhidi ya zote.

Sauti_Kavu

Hapo bado sikubaliani. Angeandika "fomula ya zamani" na tarehe, angekuwa amesema kweli.

Kaguzi

Angekuwa amesema kweli, lakini kuhusu paketi inayotoweka wiki hadi wiki. Mimi nisingelipitisha. Mkaguzi mwingine angeweza.

Maabara_Tu

Unga_na_Povu, ukinunua hizo paketi mpya soma viambato kabla ya kupima. Kama wameongeza kipunguza povu, huenda na ile faida yenu ya kusuuza imekwenda.